Njia ya Kulia ni ya Kupitia, si ya Kukaa

Mkazi wa Mlandizi au Ruvu anayekwenda Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro hupita katika barabara mbili zenye tabia tofauti ndani ya safari moja. Mwanzoni husafiri katika barabara ya njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, ambamo kulipita gari la mbele ni kuingia katika njia ya wanaokuja. Akifika Kibaha huingia katika barabara iliyopanuliwa hadi Kimara, kilomita 19.2, yenye njia nane kwa jumla. Hapo kila upande una njia zaidi ya moja zinazoelekea mahali pamoja, na dereva hutakiwa kufanya uamuzi ambao barabara ya zamani haikumdai: akae njia ipi?

Ni swali ambalo wengi wetu hatukufundishwa kwa kina, kwa kuwa tulijifunza kuendesha wakati barabara za namna hii zikiwa chache nchini. Katika toleo hili safu ya elimu kwa umma inalijibu kwa upande wa magari madogo na kwa upande wa malori, kwa sababu wajibu wao haulingani. Tunaliandika pia kwa ajili ya abiria na waendesha bodaboda, kwa kuwa, kama tutakavyoona, gharama ya dereva mmoja kukaa njia isiyo yake mara nyingi hulipwa na mtu mwingine kabisa.

Kanuni yenyewe

Tanzania huendesha magari upande wa kushoto wa barabara. Kanuni inayotokana na hilo, na ambayo Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, imejengwa juu yake, ni kwamba dereva hukaa kushoto kadiri inavyowezekana na hulipita gari jingine kwa kulia. Katika barabara yenye njia nyingi zinazoelekea upande mmoja, maana yake ni rahisi. Njia ya kushoto ndiyo makazi ya gari lako. Ya kulia ni mahali pa kutokea, kupita, na kurudi.

Watu huiita njia ya kulia "njia ya kasi", na jina hilo limeleta madhara. Dereva anayeamini kwamba anakwenda kasi ya kutosha hujiona amestahili kukaa humo kuanzia Kibaha hadi Mbezi. Mwingine anayeona njia ya kushoto ina malori na daladala zinazosimama huhamia kulia kwa ajili ya utulivu, akaenda kilomita 50 kwa saa huku mbele yake pakiwa peupe. Wote wawili hawatambui kwamba njia hiyo haihesabiwi kwa mwendo, bali kwa kazi. Kama hulipiti gari lolote, hujajiandaa kukata kulia, na njia ya kushoto haijazibwa, huna sababu ya kuwa hapo, hata kama mwendo wako ni kilomita 80.

Kuna hoja moja inayosikika mara kwa mara, nayo inastahili kujibiwa kwa heshima. Dereva husema: "Mahali hapa kibao kinaniruhusu kilomita 50, nami ninakwenda 50. Anayetaka kunipita anavunja sheria, kwa nini nimpishe?" Ni kweli kwamba anayezidisha mwendo anavunja sheria, na kumpisha hakumpi ruhusa. Hata hivyo, kumzuia si kazi uliyopewa. Kazi hiyo ni ya askari wa Kikosi cha Usalama Barabarani, ambaye ana kifaa cha kupima mwendo na mamlaka ya kumsimamisha. Wewe una kioo cha nyuma tu, na ukijifanya kizuizi hutampunguzia haraka yake. Utamchagulia tu mahali pengine pa kupita, na mahali hapo ni kushoto kwako.

Hatari huhamia kushoto

Tuchukue mfano, tena tuurahisishe kwa kusema upande mmoja una njia mbili tu. Zikiwa tatu au zaidi, jambo ni lilelile. Gari dogo liko njia ya kulia kwa kilomita 50 kwa saa. Nyuma yake inakuja daladala kwa kilomita 70. Dereva wa daladala anawasha taa mara mbili, hapishwi, anaona kushoto pako wazi, anahamia huko. Mita 50 mbele yake, kushoto, yupo mwendesha bodaboda na abiria mmoja, wakienda kilomita 40.

Tofauti ya mwendo kati ya daladala na bodaboda ni kilomita 30 kwa saa, yaani zaidi kidogo ya mita 8 kila sekunde. Mita 50 zitakwisha kwa sekunde 6. Ndani ya sekunde hizo daladala inapaswa kulimaliza gari dogo na kurudi kulia. Lakini dhidi ya gari dogo tofauti yake ni kilomita 20 tu kwa saa, yaani mita 5.6 kwa sekunde, kwa hiyo katika sekunde 6 itakuwa imesogea mita 33 kulihusu gari hilo. Ukitoa urefu wa magari yenyewe na nafasi kidogo ya kutokea na kurudia, mita hizo hazitoshi. Daladala inafika ilipo bodaboda kabla haijapata pa kurudi.

Mwendesha bodaboda hajui lolote kati ya haya. Yeye yuko mahali pake halali, kushoto. Akitazama kioo hutazama kile cha kulia, kwa kuwa anatarajia kupitwa kwa kulia. Kama mbele yake kuna shimo au mtembea kwa miguu, atakwepa nusu mita bila kudhani kwamba gari la abiria linakuja nyuma yake kwa mwendo huo.

Kuna namna ya pili ambayo mfano huu huisha vibaya, nayo hutokana na ustaarabu uliochelewa. Dereva wa gari dogo, baada ya kumulikwa taa, anafikiri kidogo, kisha anaamua kupisha. Anageuza usukani kwenda kushoto katika sekunde ileile ambayo daladala, iliyochoka kungoja, imekwisha kuhamia kushoto. Kila mmoja alikuwa anasahihisha jambo, na wamekutana mahali pamoja. Ndiyo maana kupisha kunatakiwa kufanywa mapema, mara tu unapomaliza kulipita gari ulilolipita, bila kungoja mtu akufikie nyuma na kukumulika. Na ukichelewa, usihame kabla hujatazama kioo cha kushoto, ukawasha indiketa ya kushoto, kisha ukageuza kichwa haraka kutazama ubavuni, kwa kuwa kioo hakionyeshi gari lililo karibu kabisa na mlango wa nyuma.

Utajuaje kwamba umekaa kulia kupita kiasi? Hesabu waliokupita kwa kushoto. Wakifika wawili mfululizo, uko njia isiyo yako. Alama nyingine ni kioo cha nyuma kuonyesha magari matatu au manne yaliyoshikana, ilhali mbele yako barabara iko tupu. Msongamano huo umeuanzisha wewe.

Zipo hali zinazokuruhusu kukaa kulia. Unapokaribia kukata kulia au kugeuza gari, unaingia mapema kwa kuwasha indiketa. Foleni ikijaza njia zote na magari yakawa yanatambaa, kila mmoja hubaki njia aliyomo, na hapo njia ya kushoto kusogea haraka kuliko ya kulia hakuna ubaya. Gari bovu au mafundi wakiziba kushoto, unahama na kurudi baada ya kupita. Jambo moja zaidi kwa wanaoendelea hadi mjini: kuanzia Kimara, njia za katikati ya barabara ni za mabasi yaendayo haraka, wala si njia ya kulia ya magari mengine.

Lori linapolipita lori

Sheria inayatofautisha malori na magari madogo. Magari ya mizigo yenye uzito wa zaidi ya kilo 3,500, pamoja na mabasi ya abiria, hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa hata mahali ambapo gari dogo halina kikomo hicho, na katika maeneo ya makazi yanafungwa na kilomita 50 kama wengine. Lakini lori lililojaa halifiki huko mara nyingi. Kikomo cha uzito katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ni tani 56, gari na mzigo wake kwa pamoja. Lori linalokaribia uzito huo likianza kupanda mlima, dereva hushuka gia baada ya gia, na mwendo wa 60 huwa 45, kisha 30. Hakuna ujuzi wa usukani unaoweza kuliondoa hilo. Ndiyo sababu njia ya kushoto ndiyo ya lori, na katika mlima ndiyo ya lori zaidi.

Tatizo huja pale lori la nyuma likiwa na nguvu kidogo kuliko la mbele. Dereva wake anaona anapoteza muda, anawasha indiketa, anatoka. Tupige hesabu. Lori la mbele linakwenda kilomita 45 kwa saa, la nyuma 50. Kila moja lina semitrela na urefu wa mita 17 hivi. Anayepita anatoka akiwa mita 20 nyuma ya mwenzake, na anarudi kushoto akiwa amemwacha mita 20. Ukijumlisha nafasi ya kutokea, urefu wa malori mawili na nafasi ya kurudia, unapata mita 74 ambazo lori la pili linapaswa kuzipata juu ya lori la kwanza.

Tofauti ya mwendo wao ni kilomita 5 kwa saa, yaani mita 1.4 tu kila sekunde. Mita 74 zitahitaji sekunde 53, karibu dakika nzima. Katika muda huo lori linalopita litakuwa limesafiri mita 740 likiwa njia ya kulia, ubavu kwa ubavu na mwenzake. Gari dogo linalokuja nyuma kwa kilomita 80 huyakaribia kwa zaidi ya mita 8 kila sekunde, kwa hiyo lolote lililokuwa ndani ya mita 440 nyuma wakati lori linatoka litalazimika kufunga breki. Katika saa za jioni umbali huo huweza kubeba magari mengi, na baadhi ya madereva wake ndio watakaotafuta upenyo kwenye bega la barabara, ambako ndiko wanakotembea watu.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Lori linalopita liwe na mwendo wa 65, yaani tofauti ya kilomita 20 badala ya 5. Zoezi lilelile litakwisha kwa sekunde 13 hivi, ndani ya mita 240. Kwa hiyo swali la dereva wa lori kabla ya kutoka halipaswi kuwa "je, ninaweza kumpita?" bali "je, ninamzidi kwa kiasi gani?" Kama tofauti ni kilomita 5, na hasa kama mlima unaanza, jibu la busara ni kubaki nyuma. Na yule anayepitwa ana wajibu wake pia. Akiona mwenzake amekwisha kutoka na yuko ubavuni, aondoe mguu kwenye mafuta kidogo. Kupunguza kilomita 5 tu kutoka mwendo wake kunaongeza tofauti mara mbili, na sekunde 53 zinakuwa 27. Madereva wazoefu hufanya hivyo bila kuombwa, kisha huwasha taa kumjulisha mwenzao kwamba tela limepita. Anayeongeza mafuta kwa sababu ya kushindana anaziba barabara kwa makusudi.

Madereva wa malori wana lalamiko lao, nalo si la uongo. Kushoto ndiko lami hulemewa. Gari zito linalokwenda taratibu hukaa juu ya kila hatua ya lami kwa muda mrefu zaidi kuliko linalokwenda haraka, na siku ya jua kali lami hulainika. Baada ya muda hujengeka mifereji miwili ya matairi, hasa kwenye milima na karibu na mahali pa kusimama. Mvua ikinyesha mifereji hiyo hushika maji, na tela hucheza. Dereva anayehamia kulia kukwepa hali hiyo kwa mita 100 ana sababu. Anayebaki huko kwa kilomita 10 baada ya lami kunyooka hana. Barabara hii ni barabara kuu na matengenezo yake yako chini ya TANROADS, si Halmashauri wala TARURA. Mwananchi anayeona mifereji imekuwa mirefu, au mistari ya kugawa njia imefutika, anaweza kulifikisha jambo hilo kwa Mtendaji wa Kata akitaja kijiji na alama iliyo karibu, ili liandikwe na kupelekwa panapohusika.

Usukani wa kushoto

Kuna malori katika barabara yetu ambayo usukani wake uko kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara, na magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya huko hubeba mizigo ya bandari ya Dar es Salaam. Dereva anayetoka Kigali hubadili upande anapovuka Rusumo, lakini kiti chake hakibadiliki. Akiwa kwetu anakaa karibu na ukingo wa barabara, mbali na upande ambao magari mengine humpita.

Maana yake kwa dereva wa gari dogo ni kubwa. Ukiwa kulia kwa lori hilo, usawa wa mlango wake wa mbele, uko mahali ambapo huenda hakuoni kabisa: uko chini ya dirisha la upande asiokaa, na nje ya kile kinachoonekana kwenye kioo chake. Akiamua kuhamia kulia, hatakuona hadi asikie. Kwa lori lenye usukani wa kulia mambo hugeuka, na anayepotea ni mwendesha bodaboda aliyejipenyeza kati ya lori na ukingo wa kushoto. Kipimo ni kimoja kwa malori yote mawili: kama huuoni uso wa dereva katika kioo chake cha pembeni, chukulia kwamba naye hakuoni. Pita bila kukawia ubavuni, au baki nyuma.

Barabara ya njia mbili

Baada ya barabara pana kuisha, tukielekea Mlandizi na Chalinze, wajibu wa lori hubadilika sura. Hapo hakuna njia ya pili ya kumpisha mtu. Lori linakaa kushoto kwa sababu halina pengine, na linachoweza kuwapa wengine ni nafasi.

Gari dogo linalokwenda 80 likilipita lori moja linalokwenda 45 huhitaji sekunde 6 hivi katika njia ya wanaokuja. Kwa kuwa anayekuja mbele naye anaweza kuwa na mwendo wa 80, barabara inapaswa kuwa wazi kwa karibu mita 280. Sasa yaweke malori matatu yakifuatana kwa mita 10 tu. Hakuna pa kuingia katikati, kwa hiyo anayepita lazima ayamalize yote kwa mkupuo mmoja. Atakaa upande wa wanaokuja kwa sekunde 12, na atahitaji barabara iliyo wazi kwa mita 530. Ni vipande vichache vya barabara yetu vinavyoonyesha mita 530 bila kona, kilele cha mlima au mti. Dereva mwenye haraka atajaribu hata hivyo.

Msafara uleule ukiacha mita 60 kati ya lori na lori, kila moja linakuwa safari ndogo ya sekunde 6, na anayepita ana mahali pa kurudi akiona taa za anayekuja. Kwa dereva wa lori kipimo cha mita 60 hakihitaji kamba. Lori la mbele likipita nguzo au kibao, anza kuhesabu sekunde polepole. Kwa mwendo wa 45, ukifika kwenye nguzo hiyo kwenye hesabu ya tano, umeacha mita 60 na ziada kidogo. Ukifika kwenye tatu, uko karibu mno.

Imebaki ishara ya indiketa, ambayo abiria wengi wameiona. Lori la mbele huwasha ya kushoto kumwambia wa nyuma "pita", na ya kulia kumwambia "ngoja, kuna gari linakuja". Ni mapatano ya madereva wenyewe, yanatokana na nia njema, na yameokoa watu. Lakini indiketa ya kulia kwa mujibu wa sheria humaanisha pia kwamba lori linataka kutoka kulipita gari lililo mbele yake, au kukata kulia kuingia kijijini, na ya kushoto kwamba linataka kuegesha. Wa nyuma hana njia ya kujua ni lugha ipi inayozungumzwa. Ukiona ya kulia, kwa maana yoyote kati ya hizo, jibu ni kubaki nyuma. Ukiona ya kushoto, ichukue kama habari tu. Sogea kidogo kulia ndani ya njia yako hadi uone barabara kwa macho yako, utazame mstari wa katikati kama umekatika au haujakatika, na utoke tu ukiwa umeuona mwisho wa nafasi utakayoihitaji.